Mwanangu, mkate na chapati havijakukosea

Marahaba mwanangu. Meseji yako nimeisoma mara mbili, kwamba wiki tatu sasa umeacha mkate, chapati na maandazi kwasababu wenzako kambini wanasema gluteni inampunguzia mkimbiaji kasi, na kwamba Djokovic yule mcheza tenisi aliacha ngano akachukua Australian Open, Wimbledon na US Open mwaka mmoja, 2011. Ni kweli alichukua. Ila mama yako kazi yake ni lishe, so nisikilize kidogo.

Unakumbuka ulivyokuwa unanisaidia kukanda unga wa chapati? Chukua donge ulilokanda, lioshe taratibu kwenye bakuli la maji, maji yanageuka meupe kama maziwa, ule ndo wanga unatoka, mkononi unabaki na kitu kinachovutika kama ubani uliotafunwa. Hiyo ndo gluteni, protini ya ngano. Mwenye ugonjwa wa siliaki akiila kinga ya mwili wake inashambulia utumbo, huyo lazima aache maisha yake yote. Wewe hujapimwa, umeambiwa tu.

Sasa kuhusu kasi. Mwaka 2015 watafiti wa Tasmania kule Australia walichukua waendesha baiskeli 13 wa mashindano, wote hawana siliaki, wakawalisha chakula kisicho na gluteni kabisa halafu wakawapa na vitafunwa vya kuongezea, wiki moja vina gluteni gramu 16 kwa siku, wiki nyingine havina, na hakuna aliyejua anakula kipi, hata waliokuwa wanawapa. Kila baada ya wiki wakapanda baiskeli, mwisho wake dakika 15 za kukanyaga kwa nguvu zote. Kazi waliyofanya ilikuwa wastani kilojuli 245.4 wakila gluteni na 245.0 bila gluteni, yaani hakuna tofauti. Tumbo halikuwa na tofauti, na damu haikuonyesha utumbo umeumia zaidi. Ni watu wachache na wiki moja moja, hilo nakubali, lakini kama gluteni ingekuwa inavuta miguu kama mnavyosema si ingeonekana hata kidogo?

Najua utasema mama, tumbo langu kweli limetulia. Nakuamini kabisa. Ila ngano haina gluteni tu, ina fruktani pia, aina ya wanga ambayo utumbo wetu hauwezi kuimeng'enya, inafika chini bakteria wanaichachusha, gesi inajaa. Huko Norwei walipima watu 59 waliokuwa na uhakika gluteni inawasumbua, majibu yalitoka 2018, fruktani ndo iliwajaza tumbo kuliko gluteni, na gluteni haikupishana na kitafunwa kisicho na chochote. Na fruktani iko kwenye vitunguu maji na vitunguu saumu, ile kachumbari unayojaza sahani nzima usiku kabla ya mbio ndefu mwanangu! Halafu ukikimbia kwa nguvu damu inahama tumboni inaenda kwenye misuli, kwahiyo hata chakula kizuri ukikila muda mfupi kabla ya kutoka kinakusumbua.

Kinachonitia hofu zaidi ni hiki, umesema kilomita za mwisho miguu inakuwa mizito. Tupige hesabu. Una kilo 58, kwa mazoezi yako unahitaji kama gramu 7 za wanga kwa kila kilo, inakuja 406 kwa siku. Slesi nne za asubuhi zilikuwa zinakupa kama 55, chapati mbili kama 80, jumla 135, yaani theluthi nzima umeitoa, na nilipokuuliza umeweka nini badala yake ukasema parachichi na mayai. Hivyo havina wanga wa maana. Kuziba hilo pengo unahitaji mchele au unga wa ugali mkavu kama gramu 170 juu ya ule unaokula sasa, na ugali wa mahindi hauna gluteni hata chembe, kwahiyo hata ukishikilia msimamo wako njaa hiyo haina sababu.

Fanya hivi. Kama una kuharisha kusikoisha, unapungua uzito, au damu iko chini, nenda ukapime siliaki, ila usipime sasa hivi, kipimo cha damu kinatafuta kinga zinazotengenezwa ukiwa unakula gluteni, ukiwa umeacha kinaweza kusema huna wakati unao. Rudisha ngano kwenye milo zaidi ya mmoja kila siku kwa wiki sita ndo upime. Kama dalili hizo huna, rudisha mkate na chapati, kachumbari na vitunguu viache jioni ya kuamkia mbio, na asubuhi ule masaa mawili au matatu kabla ya kutoka. Andika kila siku umekula nini, saa ngapi, na tumbo limekuwaje, nitumie kila jumapili jioni nikuangalizie. Baba yako anakusalimia, anauliza viatu vilifika?