Nimwulize dada kabla ya kumtania ukumbini?

Mpendwa mshauri,

Dada yangu anaolewa Jumamosi ijayo, nami nimepewa dakika 4 za kusema kwa niaba yetu ndugu zake. Nilianza na hotuba ya mfano niliyoipata mtandaoni, ile yenye nafasi za kujaza majina. Ilisema: "Dada yangu ana upendo, ni mkarimu na mchapakazi." Nilipoisoma kwa sauti, niliona ingemfaa dada wa mtu yeyote.

Basi kila palipokuwa na sifa nikajiuliza ni lini niliiona kwa macho yangu. "Ana upendo" nikaifuta, nikaandika habari ya mlango. Dada hatoki nyumbani bila kurudi kuhakikisha kwamba amefunga. Atashika kitasa, atasukuma, atashuka ngazi, kisha atapanda tena. Tangu utotoni mimi humsubiri chini na mkoba wake mkononi. Mwezi uliopita tulitoka pamoja na mchumba wake. Dada aliporudi juu, shemeji aliupokea ule mkoba bila kuambiwa, akaketi kwenye ngazi kumsubiri, wala hakutazama saa.

Hapo nikapata maneno ya bwana harusi, ambaye kwenye ile hotuba ya mfano aliambulia "karibu katika familia yetu" tu. Sasa nitasema: "Shemeji, dada akikwambia twende, wewe kaa kwanza. Mkoba huu nimeubeba miaka 20. Leo nakukabidhi." Kisha nampa mkoba wenyewe. Misemo kuhusu ndoa nimeitoa yote, na hotuba imeshuka kutoka dakika 7 hadi 3 na nusu. Hiyo nusu nimewaachia watu wacheke.

Kinachonikosesha usingizi ni chanzo cha tabia hiyo. Ilianza baada ya wezi kutuvamia usiku, wazazi wakiwa safarini. Dada alikuwa na miaka 15. Alinisukuma nyuma ya kabati, akasimama mbele yangu mpaka wakaondoka. Wageni watacheka habari ya mlango kwa kuwa hawajui. Yeye anajua.

Rafiki yangu anashauri nieleze yote: wacheke kwanza, kisha niwaambie kwa nini anarudi mlangoni. Nimeijaribu hivyo mbele yake, naye akalia. Lakini usiku ule ni wa dada kuusimulia, na sijawahi kumsikia akiusimulia hadharani. Nikiuondoa mlango, mkoba nao unakosa maana, nami narudi kwenye "karibu katika familia yetu".

Nimsomee sehemu hiyo mapema, ingawa nilitamani sana aisikie kwa mara ya kwanza siku hiyo? Au nimwulize shemeji kwanza, ilhali sijui kama dada amewahi kumwambia kwa nini anapanda tena zile ngazi?

Mdogo wake bibi harusi