Kipimo cha sindano kinawaponza wanunuzi

Mhariri,

Miaka yote nimekuwa nasoma gazeti lako na kunyamaza. Ile habari yenu ya msafiri aliyenyang'anywa bangili na vidani uwanja wa ndege imenitoa kimya. Mmeandika kwamba vitu vilikuwa "haramu" mkaishia hapo, kama kwamba sababu haituhusu sisi tunaoviuza na kuvitengeneza. Mimi ni sonara hapa Mji Mkongwe, na inanihusu.

Haramu kubwa ni magamba ya yule kasa tunayemwita ng'amba. Biashara ya kuvusha kasa wa baharini wa aina yoyote na vitu vyao kutoka nchi hadi nchi imefungwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda wanyama na mimea iliyo hatarini, uliotiwa saini Washington mwaka 1973. Pembe za ndovu nazo zimebanwa tangu kikao cha 1989. Ng'amba ana magamba makubwa 13 tu mgongoni, na huchukua miongo kadhaa kabla hajataga kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo anayemchinja kwa ajili ya bangili huwa hajaiachia bahari mbadala. Tena kitu kuwa cha bibi hakikifanyi kiwe ruhusa ya kusafiri: kinatakiwa cheti cha kuthibitisha kuwa ni cha kabla ya mkataba, na hicho hutolewa na mamlaka kabla ya safari. Mtu hawezi kukiomba akiwa amesimama mbele ya ofisa wa forodha.

Sasa nije kwenye kilichoniudhi. Amekuja dukani kwangu mama mmoja, mzaliwa wa hapa anayeishi Maskat, akitaka nimtengenezee kifungo cha bangili aliyomnunulia bintiye wa harusi. "Fundi, ni pembe ya ng'ombe," akaniambia, "muuzaji kaichoma na sindano ya moto mbele yangu, ikanuka kama kwato." Nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga, nikaishika chini ya lenzi. Ilikuwa ng'amba. Sindano ya moto humtofautisha ng'amba na plastiki tu, kwa sababu plastiki hunuka dawa. Pembe ya ng'ombe na gamba la ng'amba vyote vimeumbwa kwa kitu kile kile cha kucha na nywele, vyote vitanuka nywele zilizoungua, na muuzaji aliyekaa miaka kwenye kazi hii analijua hilo vizuri sana! Njia ni kuangalia rangi. Kwenye ng'amba, mabaka ya kahawia, ukiyakuza mara 10, yanavunjika kuwa vidoto vidogo vidogo vya mviringo ndani ya njano inayopitisha mwanga. Pembe ina mistari inayofuata urefu wake, na ikikaa sana huanza kubanduka tabaka kwa tabaka. Plastiki mabaka yake yana kingo kali, na mara nyingine utaona viputo vya hewa. Yule mama alirudi kwa muuzaji wake akaambiwa mali ikishatoka hairudi. Ikabidi aisalimishe kwa maofisa, na harusi iko mlangoni. Nani kaandikwa gazetini katika biashara kama hii? Mnunuzi.

Na mapapasi je? Wanampeleka mgeni kwenye duka lililowaahidi kamisheni kubwa, wanamwapia kuwa tawi la tumbawe limeokotwa pwani limeshakufa, basi halina neno. Lina neno. Matumbawe magumu na marijani nyeusi yamo kwenye orodha ya pili ya mkataba, ambayo haifungi biashara moja kwa moja lakini inadai kibali cha kusafirishia, awe tumbawe hai au mfu. Marijani nyekundu ya bahari ya Mediterania haimo kwenye orodha hiyo, ila asiye na karatasi ataithibitishaje?

Huyo mama nilimtengenezea bangili ya pembe ya ng'ombe iliyochemshwa ikalainika, nikaikunja kwenye kalibu, nikaizungushia fedha. Ina mabaka ya asali na nyeusi, na bintiye kaipenda. Kifuu cha nazi kilichong'arishwa kwa mafuta kinatoa vidani vizuri. Na anayetaka kitu cha bahari aende kwa kina mama wa upande wa Fumba wanaofuga chaza: hubandika nusu ya kidude cha duara ndani ya gome, wakaning'iniza majini miezi kadhaa mpaka lulu ijifunike juu yake.

Ombi langu: kila duka la mapambo litoe risiti yenye kuandika kitu kimetengenezwa kwa mnyama gani au mti gani, kwa jina lake, chini ya sahihi ya muuzaji. Na kaunta kila moja iwe na lenzi ya kukuza mara 10, imefungwa kwa mnyororo, mnunuzi aitumie kabla ya kulipa. Nanyi gazeti mchapishe kwa rangi, nusu ukurasa, picha tatu zilizokuzwa za ng'amba, pembe na plastiki, ili tuzibandike pale Malindi bandarini watu wanaposubiri boti. Bangili ya pembe ya kupigia picha ninayo, nitaiazima ofisi yenu.

Sonara, Mji Mkongwe, Unguja