Niweke sahihi nichukue elfu sitini, au nisubiri mfilisi?

Kwako Shangazi,

Ni saa tisa usiku na sijafumba jicho. Leo saa mbili asubuhi natakiwa kupeleka jibu, ndiyo maana nakuandikia vibaya vibaya hivi.

Unajua viwanda vya nguo vya huku kwetu Athi River. Chetu kilitiwa mnyororo langoni 28 Machi, bila barua, bila notisi hata kwa afisa wa kazi. Ufilisi ukaanza rasmi 16 Mei. Lakini kinachoniuma si lango. Ni pesa ya sacco. Miezi saba kabla ya mishahara kukatika, elfu sita na mia tano zilikatwa kwangu kila mwezi, zimeandikwa kwenye pesilipu, na sacco hawakuona hata shilingi. Sasa wadhamini wangu watatu wanakatwa kwa mkopo nilioulipa mimi.

Nilikuwa karani wa mishahara, na wenzangu wanasema nilijua. Shangazi, mimi niliandaa orodha tu. Aliyeidhinisha malipo benki ni mkurugenzi, mimi benki sikuwa na sahihi. Nilipouliza niliambiwa mteja wa ng'ambo amechelewa kulipa.

Kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yangu, nimezipiga usiku huu. Mshahara wangu ni 32,000. Januari hadi Machi sikulipwa, 96,000. Likizo siku 18, nikigawa mshahara kwa 26, ni 22,154. Sacco 45,500. Halafu malipo ya kupunguzwa kazi: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inatoa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika, nami nina tisa, kwa hiyo 166,154. Jumla 329,808, na ya notisi sijaigusa.

Watu wanadhani mfanyakazi hulipwa kwanza, basi. Sheria ya Ufilisi ya 2015 inatuweka mbele ya ushuru, lakini nyuma ya gharama za ufilisi wenyewe, na kipaumbele kina kikomo cha 200,000 kwa kila mtu. Mshahara nao unahesabiwa miezi minne kurudi nyuma tangu ufilisi uanze, si tangu lango lifungwe. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya Januari yangu, karibu 16,000, imeshatumbukia kwenye foleni ya wadai wa kawaida, pamoja na mwenye kuuza uzi na mwenye kuleta maji. Kila wiki lango lilipokaa kimya kabla ya ufilisi ilitupunguzia, na hakuna aliyetwambia. Jengo na mashine zina rehani ya benki, hizo nishazisahau. Tunangoja vitambaa vya stoo na wateja wanaodaiwa.

Makato yaliyokatwa yasifikishwe yamo ndani ya kipaumbele. Hilo nimelisoma mara tatu. Lakini yamo ndani ya hiyo hiyo laki mbili.

Sasa, meneja wa zamani anazunguka na karatasi. Unapewa 60,000 taslimu, unatia sahihi kwamba "tuliachana kwa makubaliano" na kwamba hudai kitu. Anasema kifungu cha 40 chenyewe kinasema hakitumiki kazi ikiisha kwa sababu ya ufilisi, kwa hiyo ile 166,154 ni ndoto. Kifungu kinasema hivyo, kweli. Lakini sisi tulifungiwa Machi, ufilisi ni Mei! Nikitia sahihi kwamba tulikubaliana, nimelizika dai hilo mimi mwenyewe. Na hizo taslimu zinatoka wapi? Kampuni ikiwa mikononi mwa mfilisi, wakurugenzi hawana tena mamlaka juu ya mali yake.

Najua la kufanya, usidhani sijui. Fomu ya dai ninayo, inakwenda kwa mfilisi na pesilipu, barua ya ajira na taarifa ya sacco inayoonyesha miezi mitupu. Kwenda kortini moja kwa moja dhidi ya kampuni sasa kunahitaji ruhusa ya mahakama. Mimi sitaki hata pesa, nataka wadhamini wangu waachwe. Lakini 60,000 inaziba shimo la sacco leo, na bado inabaki. Mfilisi anaweza kuchukua mwaka au miaka. Tena kwa nini niwaachie laki mbili yangu?

Kuna jambo jingine. Orodha zote za mishahara, za watu wote, ninazo kwenye flashi. Wengi walitupa pesilipu zao, na bila hizo watathibitisha vipi makato? Meneja anajua ninazo. Alipoleta karatasi aliniambia, "wewe tutakuongezea kidogo."

Shangazi, hiyo flashi nimpelekee mfilisi kabla ya saa mbili, au kwanza nichukue za wadhamini wangu?

Karani, Athi River