Vidonge vitatu nilivyokataa kumuuzia shemeji

Wiki iliyopita nimesemwa kijiweni. Shemeji mmoja, ambaye mkewe ana mimba ya miezi sita, alikuja dukani saa mbili usiku nikiwa napiga hesabu za siku. Mkewe ana homa tangu jana, viungo vinamuuma, na yeye kaja kuchukua "zile tatu za wajawazito". Hela ilikuwa mkononi. Nikamwambia zile tatu siuzi kwa mtu mwenye homa, ampeleke mkewe kituo cha afya akapimwe, usiku wanapokea. Akaniambia nataka kumsukumia dawa ya mseto kwa kuwa mseto ndio una faida. Kulipokucha, habari ya mtaani ni kwamba duka langu dawa rahisi linaficha na ghali ndiyo linauza.

Nianze na hiyo faida. Kweli, mseto, dawa ya kutibu malaria, kwangu ni bei zaidi ya SP, ambayo ndiyo hizo tatu za wajawazito. Lakini usiku ule sikumuuzia hata mseto. Nilimuuzia panadoli nne, basi, ili mgonjwa asafiri na kichwa kilichopoa. Mwenye kuona utajiri hapo anionyeshe na mimi.

Sasa kwa nini SP hapana. Sisi tuliokuwa watu wazima wakati ule tunakumbuka: mwaka 2001 klorokwini iliondolewa kwenye matibabu ya malaria hapa Tanzania, SP ikashika nafasi. Unameza vidonge vitatu mara moja, umemaliza. Watu waliipenda mno kwa hilo. Lakini vimelea viliizoea haraka, na ukanda wetu huu wa Tanga ni miongoni mwa maeneo ambako usugu wake umekuwa mkubwa kabisa. Mwaka 2006 mseto ukaingia kama dawa ya kutibu. SP ikabakizwa kliniki ya wajawazito kwa kazi moja tu, ya kukinga. Ndiyo maana mama mkwe anakumbuka kwamba zile tatu zinatibu, na nesi anasema ni za kinga, na mume anakuja kwangu na kauli ya mama mkwe.

Mseto wenyewe mgonjwa mzima humeza vidonge 24: vinne vya kwanza, vinne tena baada ya saa nane, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Na viingie tumboni pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, la sivyo mwili hauvuti dawa ya kutosha. Hata hivyo mjamzito simpi kwa kukisia. Anapimwa kwanza, na kama anatapika kila kitu, amechanganyikiwa au amedhoofika hawezi kukaa, huyo hana habari na duka. Ni wa sindano hospitalini.

Nasema kwa ukali kwa sababu kosa hili nililifanya mimi mwenyewe, zamani, nikiwa mgeni kwenye kazi. Binti wa miaka 19, mimba ya kwanza, miezi mitano. Alikuja na homa, nikampa SP na panadoli. Homa ikashuka, akanishukuru. Kilichoshusha ile homa nadhani ni panadoli tu. Mwezi ule kliniki hakwenda, akisema "zile tatu nimeshameza". Wiki tatu baadaye homa ikarudi, akarudi kwangu, nikamuuzia tena. Mara ya tatu alikwenda zahanati. Wakamtoboa kidole, kipimo cha haraka kikaonyesha hakuna malaria, akapewa vidonge vya damu akaenda zake.

Mwezi wa saba alianza kuhema akipanda kilima cha kwao ambacho amekipanda maisha yake yote. Viganja vyeupe kama unga. Hospitali wakakuta damu gramu 5.8, na mjamzito akiwa chini ya 11 tayari anahesabiwa kapungukiwa. Chupa mbili za damu, ndugu wanatafutwa wa kuchangia, gari la kukodi mpaka mjini, mume kuacha shamba wiki nzima. Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, kilo 1.9. Namshukuru Mungu wote wawili wapo. Ila ukilinganisha na pesa niliyochukua mara mbili kwa vidonge vile, naona aibu mpaka leo.

Swali ambalo familia ile iliniuliza, na bado naulizwa, ni hili: mbona kipimo kilisema hakuna? Jibu liko kwenye kondo la nyuma. Vimelea vya malaria vikiingia kwenye chembe nyekundu ya damu huifanya iwe na kunata, ijishike kwenye kuta za mishipa. Kwa mjamzito, kondo lina mahali ambapo chembe hizo zinajishika vizuri kuliko popote, basi zinajaa pale. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy walilionyesha jambo hili kwa kondo za akina mama wa magharibi mwa Kenya, na baadaye kazi yao iliendelea na wazazi wa hapa kwetu Muheza. Kwa hiyo damu ya kidole inaweza kuwa na vimelea vichache mno kiasi kipimo kisivione, ilhali kondo limejaa. Mama hata homa anaweza asiwe nayo. Kinachoonekana ni damu inayopungua na tumbo ambalo nesi akilipima kwa utepe halilingani na miezi.

Mtu mzima aliyekulia huku ana kinga fulani ya malaria aliyoijenga tangu utotoni. Lakini kondo ni kiungo kipya mwilini, na vimelea vinavyojishika pale vinavaa sura ambayo mwili haujawahi kuiona. Ndiyo sababu mimba ya kwanza inaumizwa zaidi, na ya pili nayo bado. Mama wa watoto watano ananiambia "mimi sikuwahi kumeza hayo na wanangu wazima". Namwamini. Ila binti yake si yeye. Na kondo lililojaa vimelea halipitishi chakula na hewa inavyotakiwa, hapo ndipo mtoto anapozaliwa chini ya kilo mbili na nusu, au mimba inatoka, au anazaliwa amekwisha kufa.

Sasa mtaona kwa nini kliniki wanakupa SP ukiwa huna hata mafua. Dawa hii hukaa mwilini wiki kadhaa. Inapunguza vimelea vilivyojificha kwenye kondo na kuzuia vipya visijenge hapo, kisha inakwisha polepole. Kwa hiyo dozi ya mwezi huu haikulindi mwezi wa tatu baadaye. Utaratibu ni vidonge vitatu kwa mara moja, kuanzia mimba ikiingia mwezi wa nne, na dozi hadi dozi zipishane mwezi mzima au zaidi, mpaka kujifungua. Zisipungue dozi tatu. Aliyeanza wiki ya 16 akaenda kila wiki nne anaweza kufikisha sita. Anayesubiri tumbo lionekane ndipo aende, mwezi wa saba, hata tatu atazifikisha kwa shida. Zamani tuliambiwa subiri mpaka mtoto acheze, siku hizi hapana. Chini ya miezi mitatu ndipo haitolewi, kwa kuwa mtoto bado anaumbwa na dawa hii inagusa foliki, vitamini anayoihitaji.

Na hapo kwenye foliki ndipo kuna njia ya mkato inayoharibu kazi. SP inamnyima kimelea foliki ya kuishi. Mama anatoka kliniki amemeza SP, anapita dukani kununua foliki zile za njano za miligramu 5 kwa kuwa rafiki yake kamwambia zinakuza ubongo wa mtoto. Umemnyima adui chakula kwa mkono mmoja ukampelekea sahani kwa mkono wa pili. Vile vidonge vyekundu vya kliniki havina tatizo, foliki iliyomo haifiki nusu miligramu. Nimekataa kuuza za njano kwa wateja kadhaa, na hao nao wamenisema. Daktari akikuandikia, njoo na karatasi tuongee.

Kitu kingine nakiuliza kwa sauti ya chini, msinione mmbea: je, unameza septrini kila siku? Anayemeza septrini hatakiwi kuongezewa SP. Zote zina salfa, na septrini yenyewe inamkinga. Aliyewahi kuvimba au kutoka malengelenge kwa dawa za salfa naye aseme kabla.

Kwa kuwa nimesema vimelea vya huku vimeizoea SP, mwerevu atauliza kwa nini bado tunaimeza. Kwa sababu hata kwenye usugu bado imeonekana kusaidia uzito wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani bado linashauri itolewe. Lakini si ukuta kamili. Ukuta ni chandarua.

Malalamiko ya vyandarua ni hadithi ndefu, leo nachukua moja. "Chandarua chako hakina dawa, mbu anatua hafi." Mbu wengi wamezoea dawa iliyotiwa kwenye vyandarua vya kawaida, kwa hiyo kutua na kuruka tena haina maana kwamba umeibiwa. Lakini mbu aliye nje na wewe uliye ndani bado hajakuuma, mradi kiwiko hakijagusa wavu na pindo limechomekwa chini ya godoro. Kinachoua dawa ni jiki na kuanika juani. Sabuni ya mche, maji ya baridi, kivulini. Kipya ukianike kivulini siku nzima kwanza, hutawashwa uso. Na kabla hujanunua kwangu, uliza kliniki, hudhurio la kwanza mama kijacho hupewa bure. Hiyo nayo ni biashara ninayojinyima.

Mjamzito pia mbu wanampenda. Utafiti wa Gambia uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta wanavutwa kwake kama mara mbili ya asiye na mimba, kwa joto la mwili na pumzi, na kwamba mjamzito hutoka kwenye chandarua usiku kwenda haja ndogo mara nyingi zaidi. Mwanamke mmoja wa hapa Muheza aliweka kopo lenye mfuniko ndani ya chandarua. Wifi zake walimcheka. Mimi nilimpongeza.

Shemeji, kama unasoma: SP ninazo, na nauza. Kliniki zikiisha, nesi akaandika kwenye kadi, mama mwenyewe aje na hiyo kadi. Atameza mbele yangu, maji ya kuchemsha yapo kwenye jagi kaunta, na nitaandika tarehe pale pale. Si lazima awe amekula.