Midomo inalingana mwanzoni mwa video, mwishoni inautangulia wimbo: chanzo na tiba

Wateja wengi hutuletea video ya muziki wakisema "sauti imehama." Wameshajaribu kuisogeza mbele na nyuma. Wakilinganisha ubeti wa kwanza, kiitikio cha mwisho kinaharibika, na wakirekebisha mwisho, mwanzo unaharibika. Hapo kusogeza hakutasaidia, kwa sababu picha na wimbo haviendi kwa kasi moja.

Msanii anapoimba kwa pleibeki, anafuata sauti ya spika, na kamera inarekodi sauti hiyo hiyo kwa maikrofoni yake. Baadaye wimbo safi wa studio unawekwa mahali pa sauti ya kamera. Kabla ya kugusa chochote, pima pengo sehemu tatu: mwanzo, kati na mwisho. Pengo likiwa sawa kote, sogeza tu. Likikua polepole, tatizo ni kasi. Likiruka ghafla sehemu moja, huenda pleibeki ilisimamishwa ikaanzishwa tena, au siku ya kurekodi ulichezwa wimbo ambao mpangilio wake si wa wimbo wa mwisho. Katika hali hiyo klipu hukatwa pale pale pengo liliporuka, na kila kipande kikapangwa peke yake.

Kwa kupima, tafuta neno lenye b au p, mfano "baba", uso ukiwa karibu na kamera. Nenda fremu kwa fremu hadi midomo iliyofumba inapoachana. Kwenye wimbi la sauti ya studio, herufi hiyo huonekana kama mlipuko mdogo baada ya kimya kifupi. Hesabu fremu kati ya hayo mawili. Irabu kama a na o hazifai kupimia, kwani mdomo huwa umeshafunguka kabla ya sauti kutoka.

Chukua wimbo wa dakika 4 unaohaririwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Kwenye 0:12 midomo imekaa sawasawa. Kwenye 2:02 iko mbele ya wimbo kwa fremu 2 hadi 3, na kwenye 3:52 kwa fremu 5. Pengo linakua sawasawa. Fremu 5 ni kama sekunde 0.21, nazo zimejitokeza ndani ya sekunde 220, yaani takriban asilimia 0.1. Kwetu namba hiyo ni kama alama ya kidole: kamera ilirekodi fremu 23.976 kwa sekunde, kisha klipu ikachezwa kana kwamba ni 24 kamili. Faili halisi kutoka kwenye kamera litathibitisha:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=r_frame_rate,avg_frame_rate -of default=nw=1 klipu.mp4
```

Jibu likiwa `24000/1001`, hiyo ndiyo 23.976. Rudisha klipu kwenye kasi yake ya asili, au ipunguze hadi asilimia 99.9. Fremu moja itarudiwa kila baada ya sekunde 42 hivi, na mtazamaji hataiona. Tafadhali usiuvute wimbo ili ufuate picha. Wimbo huo ndio wasikilizaji wanaoujua, na klipu nyingine zote zinapangwa juu yake.

Asilimia ikiwa nyingine kabisa, mfano 1 au 2, shuku kicheza muziki kilichotumika: huenda kitelezi cha kasi kilikuwa kimesogezwa. Hesabu ni ile ile, gawanya pengo kwa muda.

Kuna kosa lingine linalowapata hata wahariri makini, hasa kwenye jukwaa kubwa. Programu imelinganisha wimbo na sauti ya kamera bila kasoro, lakini midomo bado inatangulia kidogo, kiasi kile kile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Kamera iliyo mita 27 kutoka kwenye spika husikia wimbo ukiwa umechelewa sekunde 0.08, lakini msanii aliyesimama kando ya spika ameusikia papo hapo. Kwa fremu 25 kwa sekunde, hizo ni fremu 2. Usogeze wimbo uanze fremu 2 mapema zaidi kwa klipu za kamera hiyo peke yake, kwa sababu kamera ya karibu na jukwaa haina kasoro hiyo.

Tusichoweza kukirekebisha kwa kusogeza ni msanii aliyesahau neno au aliyechelewa kuingia. Hapo tunahitaji picha nyingine ya kufunika. Kwa hiyo ukija, leta mafaili yote kama yalivyotoka kwenye kamera, sauti yake ikiwa haijafutwa, pamoja na faili lile lile la wimbo lililochezwa siku ya kurekodi na lile la mwisho kutoka studio.