YAH: BUSHI 24 ZA MASHINE YA MATOFALI ZILIZOKATALIWA KWA AKIBA NDOGO YA KUSAGA

Karakana ya Mashine za Matofali,
Jinja, Uganda.

Kwa Meneja wa Uzalishaji,

Ninaandika kulalamikia bushi 24 za chuma cha 100Cr6 ambazo kampuni yenu ilizikereza, ikazikausha, yaani ikazitia ugumu kwa moto na mafuta, hadi 58 HRC, kisha ikazisaga. Mchoro wetu ulitaka tundu la milimita 60.00 hadi 60.03, kipenyo cha nje milimita 76 na urefu milimita 80. Bushi 9 zina mabaka meusi ndani, yaani sehemu ambazo jiwe la kusaga halikuzigusa kabisa. Nyingine 9 mabaka yameisha, lakini matundu yamefika 60.08 na zaidi, na fimbo zetu zinachezacheza ndani yake. Zilizobaki 6 mlitukabidhi kabla ya kusagwa, na ndizo zilizotuonyesha chanzo cha tatizo.

Kadi ya kazi inaonyesha kwamba tundu lilikerezwa hadi 59.85, na fundi wenu alitueleza kwa nini. Alisema chuma kikikauka huvimba, kwa hiyo tundu lingepungua kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na kupungua huko kungeongeza akiba yenyewe, yaani chuma kinachoachwa ili kisagwe. Naomba radhi kusema kwamba hesabu hiyo imegeuzwa. Chuma hiki hukauka unene wote, si ngozi ya juu peke yake, na mabadiliko ya ndani yanayokipa ugumu hukifanya kichukue nafasi kubwa zaidi. Bushi nzima inapokua namna hiyo, mzingo wa tundu hurefuka pamoja nayo, na tundu hupanuka. Fundi huyo huenda aliyaona matundu yakipungua kwenye bushi zilizokaushwa ngozi tu, ambako jambo hilo hutokea, lakini hizi si za aina hiyo.

Tulizipima zile 6 kwa geji ya tundu, kila moja katika ncha mbili na katikati, tukiigeuza geji pande zote. Wastani ulikuwa 59.91, yaani tundu limekua kwa 0.06, ambayo ni karibu sehemu moja kwa elfu ya kipenyo. Ukuta wa milimita 8 tu haukuweza kulishikilia duara: bushi iliyoharibika zaidi ilikuwa na umbo la yai, upande mwembamba 59.81 na upande mpana 60.01. Kwa bushi hiyo, hata mkisaga hadi mwisho wa kipimo, 60.03, upande mpana una sehemu moja tu ya mia ya milimita ya kuondolewa kila ubavu. Ikifungwa mashineni nje ya kitovu kwa kiasi kinachozidi hapo, baka litabaki, na msagaji akilifuata baka atavuka kipimo. Hayo ndiyo yaliyozipata bushi zetu 18, wala sioni haki ya kumlaumu msagaji.

Akiba iliyohitajika ingeweza kuhesabiwa mapema. Kwa kipenyo, weka 0.06 ya kukua, 0.10 ambayo ni nusu ya tofauti ya yai, 0.08 ya kuyumba wakati wa kufunga, na 0.10 ya kuondoa ngozi iliyoungua tanurini. Jumla ni 0.34, tuseme 0.35, kwa hiyo tundu lingekerezwa hadi 59.65. Hatuombi milimita nzima kwa kujihami, maana kusaga chuma kigumu kwa muda mrefu kunakula mawe na, msagaji akiharakisha, kunauchoma uso wa tundu na kuuacha na nyufa ndogo.

Pendekezo lenu la kupaka kromu kwenye fimbo ili zijaze nafasi hatulikubali, kwa sababu fimbo hizo zinatumika pia katika mashine zilizokwisha kuuzwa. Tunaomba bushi 24 mpya bila malipo. Baada ya kukereza kwa awali, zipashwe moto ili mkazo ulioachwa na ukerezaji na kubanwa na meno ya leti utulie, kisha ndipo tundu lifikishwe 59.65. Tanuruni zisimame wima, zisilazwe. Kabla ya kuzikereza zote, tafadhali kausheni 2 za majaribio kutoka ufito uleule na tanuru ileile, mtuandikie vipimo vya kabla na baada. Zikikua tofauti na 0.06, namba ya 59.65 ibadilishwe kulingana nazo.

Bushi mbovu tumezihifadhi, kila moja ikiwa na vipimo vyake vilivyoandikwa kwa rangi, na fundi wenu anakaribishwa kuja kuzipima upya kwa geji yake mwenyewe. Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wako mwaminifu,
Msimamizi wa Karakana