Kabla hujasema ndege wamepungua, angalia umehesabu mara ngapi

Mhariri, salamu.

Nimesoma ile habari ya wanafunzi waliohesabu ndege wa shuleni kwao kiangazi halafu wakarudia msimu wa mvua, wakaona njiwa wamepungua karibu nusu. Naandika kwa sababu mi mwenyewe nafundisha baiolojia na darasa langu lilishafika kwenye jibu hilohilo kabisa, na halikuwa kweli.

Sisi kiangazi tulipata njiwa 48, mvua tukapata 28. Chati ikachorwa, ikabandikwa ukutani, watoto wakaanza kutafuta sababu, mara miti imekatwa mara paka wameongezeka. Mpaka binti mmoja akauliza, mwalimu, kwani tulitoka mara ngapi? Tukafungua daftari, kumbe kiangazi tulitoka asubuhi 8, na msimu wa mvua 4 tu maana siku nyingi kulikuwa kunanyesha. Gawanya sasa: 48 kwa 8 ni njiwa 6 kila tukitoka, 28 kwa 4 ni 7. Hawakupungua hata kidogo, tulichopunguza ni kazi yetu sisi. Na hiyo 7 nayo siwezi kusema wameongezeka, tofauti ya ndege mmoja kwa kutoka mara 4 ni ndogo mno, asubuhi moja tu ya kundi kubwa inatosha kuileta.

Ndo maana fomu ya kuhesabia, hata iwe ya karatasi moja iliyopigwa mistari kwa rula, lazima juu iwe na tarehe, saa ya kuanza, dakika mlizosimama na hali ya hewa, kabla ya jina la ndege yeyote. Sisi tunasimama sehemu 3 zilezile, dakika 10 kila sehemu, tunaanza saa moja na nusu asubuhi. Ukihesabu msimu mmoja asubuhi na mwingine saa nne jua likiwa kali, umelinganisha saa, hujalinganisha misimu, coz saa nne ndege wengi wameshatulia kivulini. Na mkitoka mkakosa ndege fulani andikeni 0, msiache wazi, kwa sababu baadaye hakuna atakayekumbuka kama nafasi ile ni "hakuwepo" au "hatukwenda".

Kosa la pili ndo gumu zaidi na nadhani hata kwenye habari yenu limo, maana mliandika kwera walitoweka kiangazi na shomoro wakaongezeka. Dume la kwera msimu wa kuzaa ni wa njano, anasuka kiota anapiga kelele kutwa nzima, hata mtoto wa darasa la kwanza anamwonyesha kwa kidole. Ukipita msimu, madume ya aina nyingi za kwera hubadili manyoya na kuwa ya kahawia yenye michirizi kama majike yao, na kwa mbali hapo anafanana na shomoro. Kwetu mvua tulipata wastani wa kwera 5 na shomoro 9, kiangazi kwera 0 na shomoro 13. Angalia jumla, 14 na 13! Mmoja akishuka na mwingine akipanda karibu kiasi kilekile, shuku macho ya wanaohesabu kabla hujaanza kuandika habari ya kuhama. Tuliporudi na darubini tukiangalia midomo, wengi wa wale "shomoro" walikuwa na mdomo mrefu wenye ncha, wa shomoro ni mfupi na mnene.

Tangu hapo fomu yetu ina mstari unaosomeka "kahawia mdogo, hatuna hakika", na watoto wanaruhusiwa kupiga vijiti vyao hapo bila kuona wamefeli. Pia tumetenga walioonekana na waliosikika tu, kwa kuwa mvua majani yanajaa na ndege uliyemwona juzi sasa unasikia sauti yake tu, alafu mbayuwayu wanaopita juu bila kutua wana sehemu yao pembeni. Kunguru anayezunguka ni mmoja hata akipita mara tatu, kwa hiyo ndege wa hivyo tunaandika idadi kubwa tuliyoiona kwa wakati mmoja, hatujumlishi kila anapopita.

Hata tukifanya yote hayo ile 6 au 7 haimaanishi shule ina njiwa 6 au 7, ni wale tuliowaona kwa nusu saa yetu. Inafaa kulinganishwa na nusu saa nyingine kama hiyo, basi.

Ombi langu kwenu, wale wanafunzi kama bado wana fomu zao wagawe upya kwa idadi ya siku walizotoka na mchapishe namba hizo, na kiangazi kijacho waangalie midomo ya shomoro wao.

Mwalimu wa baiolojia